Sifuri Iliyotafutwa

Vikao vya robo mwaka vya idara ya afya wilayani huwa vinaanza na wagonjwa: surua wangapi, kipindupindu wangapi, walioumwa na mbwa wangapi. Mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa katika wilaya moja ya kando ya Ziwa Victoria, mama aliyeanza kazi akiwa muuguzi wa zahanati, hufungua vya kwake kwa namna nyingine. Yeye huanza na wale ambao hawakuwa na mgonjwa.

“Ndugu zangu,” alisema katika kikao kimoja, mbele ya waganga wafawidhi, wauguzi na matabibu waliotoka kwenye vituo vya wilaya nzima, “aliyegundua surua mwezi uliopita tutampongeza, lakini asubiri kidogo. Kwanza namshukuru aliyeniletea sifuri wiki zote kumi na tatu, kila Jumatatu, kabla ya saa sita. Huyo nilijua yuko kazini. Wapo wengine humu ambao sikuwasikia kabisa, na hao ndio walioninyima usingizi.”

Wachache walicheka, na mmoja akainamisha kichwa akaanza kufungua daftari lake. Kwa mtu wa nje shukrani ile ingeonekana ya ajabu. Sifuri ni nini hata mtu ashukuriwe kwa kuileta? Kwa anayefanya kazi ya kuwinda milipuko ya magonjwa, hotuba ile ndiyo iliyobeba nusu ya kazi yenyewe.

Katika nchi za Afrika zinazofuata mwongozo wa pamoja wa Shirika la Afya Duniani, kila kituo cha tiba hutoa taarifa ya wiki kuhusu orodha ya magonjwa yanayotiliwa shaka: kipindupindu, surua, homa ya uti wa mgongo, kupooza kwa ghafla kwa watoto, homa za kutoka damu na mengine. Wiki huanza Jumatatu na kuishia Jumapili. Mgonjwa wa ugonjwa hatari hasubiri fomu ya wiki. Taarifa yake hutolewa papo hapo, kwa simu. Lakini wiki ikiisha bila mgonjwa, kituo hakiruhusiwi kunyamaza. Kinatakiwa kuandika 0 mbele ya kila ugonjwa na kuituma. Hiyo ndiyo inayoitwa taarifa ya sifuri.

Mratibu aliieleza kwa mfano wa mlinzi wa usiku anayegonga chuma kila saa. Anayelala ndani anaposikia mlio haamki kwenda kuangalia kuna nini, kwa sababu mlio wenyewe unasema mlinzi yuko macho na hajaona kitu. Siku usiposikika, wezi huenda hawapo, ila sasa hakuna anayejua. “Mimi sihitaji habari mbaya tu,” alisema. “Nahitaji kujua kama uliangalia.”

Kisha akaandika ubaoni hesabu ya wiki moja. Wilaya ina vituo 40. Vituo 34 vimeleta taarifa, vyote sifuri kwa kipindupindu, na sita havikuleta chochote. Gawanya 34 kwa 40, unapata asilimia 85. Lengo linalotumika sana katika kazi hii ni asilimia 80, hivyo kwenye ripoti ya mkoa wilaya ile inapewa rangi ya kijani. Tatizo, alisema huku akizungushia duara majina ya vile sita, ni kwamba vinne kati yake viko visiwani na kwenye mialo, mahali ambapo wavuvi wanahamahama na kambi zao, vyoo ni haba, na maji ya kunywa ni hayohayo ya ziwani. Kipindupindu kikiingia wilayani kitaanzia huko. Kwa maneno mengine, asilimia 85 iliyopatikana ilitoka sehemu ambazo hazikuwa na hatari kubwa, na asilimia 15 iliyonyamaza ndiyo iliyokuwa na jibu.

Hapa ndipo wastani unapomdanganya hata mkuu mwenye nia njema. Mwenye kipindupindu anaweza kuanza kuharisha saa chache tu baada ya kumeza vijidudu, au siku chache baadaye, na akikosa maji na dawa anaweza kufa siku hiyohiyo. Kituo kikikaa kimya wiki mbili, mlipuko unakuwa umeshapita kambi ya kwanza umefika ya tatu. Kwa hiyo swali la maana si vituo vingapi vimeleta taarifa. La maana ni vipi havikuleta, na kwa nini.

Kwa nini, basi? Sababu nyingi ni za kawaida mno. Simu haina mtandao au salio. Aliyefundishwa kujaza amehamishiwa kituo kingine, na aliyebaki hajui neno la siri la mfumo. Fomu zimeisha. Nesi yuko peke yake na kuna mjamzito anayejifungua. Hakuna ubaya wa makusudi hapo, na mratibu hakutafuta mbaya wao. Alitaka tu ukimya ule usipite ukahesabiwa kuwa habari njema.

Na mahali pa kupita ni pengi, hata ndani ya kompyuta. Mfumo wa DHIS2, ambao Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zote zinautumia kukusanya takwimu za afya, kwa kawaida hautunzi sifuri. Waliouunda walitaka kuokoa nafasi, maana takwimu nyingi za hospitali ni sifuri zisizo na kazi. Anayetaka sifuri zihifadhiwe lazima aweke alama kwenye sehemu inayosomeka `Store zero data values` kwa kila kipengele. Asipofanya hivyo, muuguzi wa kisiwani anaandika 0 kwa uaminifu wake wote, na huku makao makuu kisanduku kinaonekana kitupu, sawasawa na cha yule ambaye hakufungua hata mfumo. Ndiyo maana wanaosimamia taarifa za wiki hutazama pia kama mjazaji ametia alama kwamba fomu imekamilika. Kwenye karatasi nako kuna mchezo wa namna hiyo: mmoja anaandika 0, wa pili anachora kistari, wa tatu anaacha wazi, na karani wa wilaya anaziingiza zote kuwa kitu kimoja. Mratibu alikataza kistari. Nadhani alikuwa na haki, ingawa ni jambo dogo linaloweza kumfanya mtu aonekane mkorofi.

Lakini sehemu nzito ya hotuba ilikuwa juu ya neno “honesti”, kama vijana wa ofisini wanavyopenda kusema, yaani uaminifu wa ile sifuri. Kuileta ni hatua ya kwanza tu. Sifuri inaweza kuandikwa kwa sekunde tano bila kufungua daftari lolote.

Ile ya kweli hutengenezwa hivi. Jumatatu asubuhi mhusika wa kituo anafungua rejesta ya wagonjwa wa nje, halafu ya waliolazwa, ya vifo, na ya maabara kama ipo. Anasoma mstari kwa mstari kuanzia Jumatatu iliyopita hadi Jumapili usiku. Hatafuti jina la ugonjwa, kwa sababu jina liliandikwa na mtu aliyekuwa na haraka. Anatafuta dalili. Mtu mzima aliyeharisha majimaji hadi akaishiwa maji mwilini. Mtoto mwenye homa na vipele, kikohozi na macho mekundu. Mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea mguu au mkono ghafla. Akimaliza anamuuliza aliyekuwa zamu ya usiku, kwa sababu kuna mgonjwa aliyefika saa nane akapewa rufaa bila kuandikwa. Anampigia mhudumu wa afya wa jamii kumuuliza kama kuna msiba wa kutia shaka kijijini. Baada ya hapo ndipo anaandika 0, anatia sahihi, tarehe na saa.

“Sifuri ya Ijumaa,” alisema mratibu, akainua karatasi moja bila kutaja kituo, “ya wiki inayoisha Jumapili. Jumamosi na Jumapili umeziota?” Ukumbi ulicheka, lakini hiyo ni moja ya alama anazozitazama kila mara. Nyingine ni taarifa za wiki nne zilizotumwa siku moja, dakika moja baada ya nyingine. Nyingine tena ni kituo chenye wagonjwa 200 kwa wiki ambacho mwaka mzima hakijawahi kumshuku hata mmoja. Anapoziona hafoki. Anapanda pikipiki anakwenda kusoma rejesta ile mwenyewe.

Tabibu kijana aliyeajiriwa karibuni akanyoosha mkono. “Mama, mimi nikileta sifuri mfululizo, mganga mkuu si ataniona sifanyi kitu? Na wewe mwenyewe umesema kituo kisichoshuku unakitilia mashaka.”

“Swali zuri, daktari,” akajibu. “Unauliza nitatofautishaje sifuri yako na ya mvivu. Kwa baadhi ya magonjwa siwezi. Kwa polio ninaweza.”

Maelezo yaliyofuata ndiyo ninayotaka msomaji ayashike vizuri, maana ni ujanja ambao watu wa polio waliubuni na sehemu nyingi za kazi bado hazina wa kufanana nao. Ukimtafuta mgonjwa wa polio peke yake na humpati, hujui kama hayupo au hukumtafuta. Kwa hiyo hawatafuti polio. Wanatafuta kila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea na kupooza kiungo ghafla, kwa sababu yoyote. Kupooza kwa namna hiyo kunatokea hata mahali ambapo polio haijaonekana miaka mingi. Kuna ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao Guillain-Barré, kuna uvimbe wa uti wa mgongo, kuna sindano ya makalio iliyogusa mshipa wa fahamu. Haya hayaishi, na idadi yake inakadirika. Kipimo cha kimataifa kinasema mfumo unaofanya kazi unapaswa kupata angalau mtoto mmoja wa aina hiyo, asiye na polio, kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka. Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani imejiwekea wawili, kwa tahadhari.

Chukua wilaya yenye watoto 180,000 wa chini ya miaka 15. Kwa kipimo cha wawili, inatarajiwa kupata watoto kama wanne kwa mwaka. Wilaya hiyo ikisema haikuona hata mmoja mwaka mzima, uwezekano wa jambo hilo kutokea kwa bahati tu, huku watu wakitafuta sawasawa, ni kama mara moja katika 37. Ikirudia mwaka wa pili, uwezekano unashuka hadi mara moja katika karibu 1,300. Hapo hakuna haja ya kumhoji mtu. Hesabu yenyewe inasema daftari halisomwi. Ila wilaya hiyo ikisema, “Tumepata watoto watano waliopooza, wote wamepimwa, polio sifuri,” sifuri hiyo ina uzito, kwa sababu imekuja na ushahidi kwamba macho yalikuwa wazi.

Kipimo hiki kina mpaka wake, na mratibu hakuuficha. Wilaya ndogo yenye watoto 25,000 inatarajiwa kupata nusu ya mtoto kwa mwaka, yaani mmoja kwa miaka miwili. Ikikosa mwaka mzima si ajabu. Ni jambo linaloweza kutokea mara sita katika kumi. Na kituo kimoja kama cha yule tabibu kinaweza kukaa miaka mingi bila kumwona mtoto wa namna hiyo. Kwa hiyo kumkaripia mganga wa zahanati ndogo kwa sababu ya sifuri ni ujinga wa hesabu. Kwake kinachobaki ni ile rejesta: imesomwa au haijasomwa.

Mtoto akipatikana, kazi haijaisha. Sampuli mbili za kinyesi huchukuliwa, zikiachana kwa saa 24 au zaidi, zote ndani ya siku 14 tangu kiungo kilipolegea, kwa sababu baada ya hapo virusi hupungua kwenye kinyesi. Zinawekwa kwenye kibebeo chenye barafu na kusafirishwa hadi maabara zikiwa baridi. Sampuli ikifika imepata joto, maabara inaweza isione kirusi ambacho kilikuwamo, na jibu la “hakuna polio” linalorudi wilayani linakuwa halina thamani. Barafu ikiyeyuka barabarani, maabara inazalisha sifuri ya uongo bila mtu yeyote kudanganya.

Sifuri ya namna hiyo inaweza kugharimu kiasi gani? Jimbo la Borno, kaskazini mashariki mwa Nigeria, linajua. Nigeria ilipata mgonjwa wake wa polio asilia, aliyedhaniwa kuwa wa mwisho, Julai 2014. Mwaka ukapita bila mwingine, na Septemba 2015 Shirika la Afya Duniani likaiondoa nchi hiyo kwenye orodha ya zile ambazo ugonjwa umeota mizizi. Kisha Agosti 2016 watoto wawili wa Borno wakathibitishwa kuwa wamepooza kwa polio, na baadaye mwaka huo idadi ikafika wanne.

Jambo la kutisha halikuwa idadi. Kirusi cha polio hubadilika kadiri kinavyopita kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, katika sehemu moja ya vinasaba vyake kwa kadiri ya asilimia moja kwa mwaka, kwa hiyo wanasayansi wanaweza kusoma kimetembea muda gani tangu kilipoonekana mara ya mwisho. Cha Borno kilikuwa na undugu wa karibu na kile kilichoonekana jimboni humo mwaka 2011. Kwa miaka kama mitano kilikuwa kinapita kwa watoto bila kuonekana na yeyote. Ikumbukwe kwamba kwa wastani mtoto mmoja tu kati ya takriban 200 walioambukizwa ndiye hupooza, hivyo nyuma ya kila aliyepooza kuna mamia wanaokibeba wakiwa wazima.

Hakuna haja ya kudhani kwamba muuguzi wa Borno alidanganya. Vita vya Boko Haram vilikuwa vimefunga sehemu kubwa za jimbo. Zahanati zimechomwa, watu wamekimbia, wachanjaji hawafiki. Sifuri za Maiduguri, mji mkuu wa jimbo, zilikuja kutoka mahali pa kufikika, na zile sehemu nyingine hazikuleta kitu. Katika jumla ya taifa, ukimya wao ulizama ndani ya sifuri za wengine. Ni kosa lilelile la vile vituo sita ubaoni, kwa ukubwa wa nchi. Baadaye picha za satelaiti zilitumika kutafuta vijiji vilivyokuwa bado na watu katika maeneo yaliyofungwa, na watu waliokuwa wakiingia na kutoka humo wakafundishwa kutambua mtoto aliyepooza. Kanda ya Afrika ilithibitishwa kuwa haina polio asilia tarehe 25 Agosti 2020, miaka minne baada ya wale wa Borno.

Aliyedhani uthibitisho ule ungewapa wasomaji wa rejesta likizo alijibiwa mapema. Februari 2022 Malawi ilitangaza mgonjwa wa polio asilia, mtoto wa miaka mitatu wa Lilongwe aliyepooza Novemba mwaka uliotangulia, na kirusi chake kilikuwa na asili ya Pakistan. Tanzania ikaanza kuchanja katika mikoa inayopakana na nchi hiyo: Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Mtoto yule alionekana kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekuwa bado anatafuta ugonjwa ambao bara lilikwishautangazia kwisha.

Kikaoni swali la pili lilitoka kwa muuguzi wa makamo, na kwa maoni yangu ndilo lililokuwa gumu zaidi. “Dada, tuseme ukweli. Nikiandika nimeshuku kipindupindu, kesho gari tatu zinafika kituoni. Mwenyekiti wa kijiji analalamika mwalo utafungwa, samaki hawatauzwa. Jibu likitoka si kipindupindu, naonekana nimeleta taharuki. Nikiandika sifuri, nakaa kwa amani.”

Mratibu alinyamaza kidogo kabla ya kujibu. Alijua kwamba hapo hakuna fomu inayosaidia. Pale ambapo mtu anaadhibiwa kwa kushuku, kwa kejeli au kwa barua, sifuri zitaongezeka na zitakuwa safi, na zote zitakuwa hazifai. Wakuu wengi wa kazi hawalioni hili: kila wanapomkaripia aliyeleta habari mbaya, wanalipia kimya cha kesho. Jibu lake lilikuwa kuhusu taratibu. Mshukiwa mmoja atafuatwa kwanza na watu wawili kwa pikipiki, kwa kimya, na sampuli itachukuliwa kabla ya magari. Jibu la maabara litarudishwa kwa aliyeripoti kabla ya mtu mwingine yeyote, hata likiwa “siyo”. Na akakumbusha kwamba katika ufuatiliaji wa kupooza, wengi kabisa wa wanaoripotiwa hawana polio, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. “Ukinishuku sita wakatoka sita siyo,” alisema, “umenipa sita za ushahidi.”

Sijui kama yule muuguzi aliridhika. Uso wake haukuonyesha. Hofu ya mwenyekiti wa kijiji haiondolewi na mratibu wa wilaya, na mimi naona ilikuwa afadhali angekiri hilo waziwazi.

Kuna nyakati ambapo sifuri inageuka kuwa kazi pekee ya kikosi kizima. Mkoa wa Kagera, uliopakana na ziwa lilelile, unazijua. Mlipuko wa Marburg ulitangazwa huko Machi 2023, na mwingine Januari 2025 katika wilaya ya Biharamulo. Ugonjwa huo hujificha mwilini hadi siku 21 kabla ya kujitokeza, kwa hiyo nchi haitangazi mwisho mpaka zipite siku 42, yaani mara mbili ya muda huo, tangu mgonjwa wa mwisho apone na kupimwa au azikwe kwa usalama. Kwa siku zile 42 hakuna mgonjwa wa kutibu, hakuna kamera, na wageni wameanza kuondoka. Kilichobaki ni vituo kutafuta na kuripoti kila siku, kupima washukiwa na vifo vya kutia shaka, na kuandika hakuna. Siku moja ya ukimya katika hizo haiwezi kuhesabiwa kana kwamba ni siku ya sifuri. Mlipuko wa kwanza ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023, na wa pili tarehe 13 Machi 2025, na kilichosimama nyuma ya tarehe hizo ni fomu zisizo na mgonjwa hata mmoja.

Ndui ilimalizwa kwa njia hiyohiyo. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kuambukizwa kwa njia ya kawaida, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca nchini Somalia, alipatwa na vipele Oktoba 1977. Dunia haikushangilia mwezi uliofuata. Watafutaji waliendelea kuzunguka Somalia, Ethiopia, Jibuti na Kenya kwa miaka miwili, wakichunguza vipele ambavyo mara nyingi vilikuwa tetekuwanga, na fedha ziliahidiwa kwa yeyote atakayeonyesha mgonjwa wa kweli. Hakupatikana. Tarehe 26 Oktoba 1979 ndipo ilipotangazwa jijini Nairobi kwamba Pembe ya Afrika haina ndui. Maalin mwenyewe baadaye alifanya kazi ya kuhamasisha chanjo ya polio nchini mwake, hadi alipofariki mwaka 2013.

Mratibu alimaliza ufunguzi wake kwa dakika zisizozidi ishirini, na kikao kikaingia kwenye ajenda ya mafuta ya pikipiki, ambayo ilichukua muda mrefu zaidi. Vile vituo sita vilipewa kila kimoja jina la mtu wa pili wa kutuma taarifa, na namba ya kupiga pale mtandao wa data unapokatika. Kwa visiwa viwili walikubaliana taarifa iletwe kwa sauti, kwa simu ya nahodha wa boti ya asubuhi, na iandikwe wilayani pamoja na jina la aliyeitoa.

Msomaji ambaye hana rejesta naye yumo katika mnyororo huu. Sifuri ya zahanati haiwezi kumjua mtoto aliyefichwa nyumbani au aliyepelekwa kwa mganga wa jadi kuchuliwa. Ukiona mtoto wa chini ya miaka 15 amelegea mguu au mkono ghafla, iwe ameanguka, amechomwa sindano au hakuna sababu mnayoijua, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo, na mtajeni tarehe iliyoanza. Siku 14 za kuchukua sampuli huhesabiwa kuanzia hapo, si kuanzia siku mliyofika.